Tovuti ni yako, lakini domeni iko kwa nani?

Hebu chukua simu yako sasa hivi. Fungua barua pepe, kisha tafuta ujumbe wowote kutoka kwa kampuni iliyosajili domeni ya biashara yako. Sisemi ankara ya yule kijana aliyekutengenezea tovuti. Nasema ujumbe wa kampuni yenyewe, ule unaokuambia domeni imesajiliwa, au itaisha muda wake tarehe fulani. Ukiupata, soma makala haya ukiwa umekunja nne. Usipoupata, basi kuna mtu mwingine anayepokea ujumbe huo kwa niaba yako, na pengine hata hamjaongea tangu mwaka jana.

Kuna dada mmoja ninayemfahamu, anaoka keki kule Roysambu. Keki za harusi, za birthdei, na zile za maofisi ambazo ndizo zenye pesa. Jumanne moja alipigiwa simu na karani wa ofisi moja mjini. "Madam, tumekutumia oda kwa imeli mara mbili na zote zimerudi. Bado uko kwa biashara?" Dada akadhani ni bando zimeisha. Alipofungua tovuti yake akakuta ukurasa mweupe wenye matangazo ya vitu asivyovijua. Akampigia developa wake. Laini haipatikani. Akamtumia ujumbe WhatsApp, alama ikabaki moja. Siku mbili baadaye ndipo alipoelezwa na jirani ya huyo kijana kwamba jamaa alipata kazi Qatar, na laini yake ya Kenya aliiacha huku.

Hapo ndipo aliponitafuta mimi. Na kabla sijakusimulia tulichofanya, wacha nikiri jambo. Mimi pia nilikuwa nikitengeneza tovuti, na kuna wakati nilikuwa nimeshikilia domeni za wateja saba kwenye akaunti yangu moja. Sikuwa mwizi. Nilikuwa na haraka tu.

Hivi ndivyo inavyotokea karibu kila mara. Mteja anakuambia anataka tovuti. Wewe developa tayari una akaunti kwa msajili, una pesa kidogo kwa M-Pesa, na jina analotaka liko huru. Kununua ni dakika mbili. Kumfundisha mteja kufungua akaunti yake ni saa nzima, na atakupigia simu usiku kuuliza nenosiri. Basi unanunua mwenyewe, kisha kwenye kotesheni unaandika mstari mmoja: "Domeni na hostingi, mwaka 1." Mteja analipa, anaona jina lake linafunguka kwenye simu, anafurahi. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Lakini kuanzia siku hiyo, anayeweza kulizima jina hilo, kulihamisha au kulisahau mpaka life ni mmoja tu, na si mteja.

Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwingine

Njia rahisi ya kuielewa domeni ni kufikiria laini ya simu. Tuseme binamu yako alikununulia laini akaisajili kwa kitambulisho chake. Wewe ndiye unayeitumia. Wewe ndiye unayenunua kredo. Namba umeiandika kwa kibao cha duka, wateja wote wanaijua. Miaka inapita bila shida. Siku simu inapoibwa na unataka kurudisha laini, pale dukani wanauliza kitambulisho cha aliyesajili. Kredo uliyonunua miaka yote hiyo haihesabiwi.

Domeni ni hivyo hivyo. Majina yote yanayoishia na .ke, yakiwemo ya .co.ke, yanatunzwa kwenye daftari kuu la KeNIC. Wewe kwa kawaida hununui moja kwa moja kwao. Unanunua kwa msajili aliyeidhinishwa, na huyo msajili anakufungulia akaunti kwenye mtandao wake. Majina ya .com yana daftari lake kwingine, lakini mpangilio ni ule ule: daftari kuu, msajili, kisha akaunti ya mtu.

Sasa hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni jina lililoandikwa kama mwenye domeni, ambalo kwenye fomu linaonekana kama `Registrant`. La pili ni akaunti inayoingiwa ili kuiendesha hiyo domeni, yenye barua pepe na nenosiri lake. Unaweza kuwa na la kwanza ukakosa la pili, na hilo ndilo lililompata dada wa keki. Unaweza pia kuwa na la pili ukakosa la kwanza, ukawa unaingia na kulipa kila mwaka huku jina lililoandikwa ni la developa. Unataka yote mawili. Na ukinibana niseme lipi linauma zaidi ukilikosa, nitasema la kwanza, kwa sababu jina lako likiwa limeandikwa, kuna mahali pa kuanzia kudai akaunti.

Hostingi ni kitu tofauti kabisa, ingawa mara nyingi huuzwa pamoja. Ni nafasi unayokodi kwenye seva ya mtu ili mafaili ya tovuti yako, na pengine imeli zako, zikae hapo. Hostingi ikipotea, inauma, lakini unaweza kukodi nyingine kesho na kuweka tovuti upya. Domeni ikipotea, kila kadi uliyochapisha, kila stika kwa gari la delivari, na kila imeli iliyo kwenye simu za wateja wako inaelekea kwa mtu mwingine. Ndiyo maana ukiwa na nguvu za kushughulikia kitu kimoja tu leo, shughulikia domeni.

Tulivyoirudisha ya Roysambu

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kutazama daftari linasema nini. KeNIC wana sehemu ya kutafuta jina kwenye tovuti yao, na kwa majina ya .com unaweza kutumia lookup.icann.org. Ukiwa na kompyuta yenye programu hizi, unaandika tu:

```
whois jinalako.co.ke
dig +short NS jinalako.co.ke
```

Amri ya kwanza inakuonyesha msajili ni nani, domeni ilisajiliwa lini, inaisha lini, na hali yake. Jina la mwenyewe linaweza kuonekana au likafichwa kwa sababu za faragha, kwa hivyo usishtuke ukikosa kuliona. Amri ya pili inakuonyesha seva zinazoelekeza jina hilo, yaani zile zinazowaambia watu tovuti iko wapi na imeli ziende wapi. Kwa upande wa dada, tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa siku tisa. Domeni haikuwa imeibwa. Ilikuwa imeisha muda, na ujumbe wa kukumbusha ulitumwa, tena zaidi ya mara moja, kwa imeli ya kijana aliyekuwa Doha akitafuta nyumba ya kupanga.

Kulijua jina la msajili ni nusu ya kazi. Tulimpigia. Mhudumu alikuwa na adabu lakini hakuyumba: "Samahani madam, tunazungumza na mwenye akaunti pekee." Dada alikasirika sana, na nikamwambia atulie, kwa sababu mhudumu huyo alikuwa anafanya kazi yake. Fikiria kama angekuwa mtu wa kupigiwa simu tu na kutoa domeni kwa yeyote anayelia. Kesho mshindani wako angempigia naye akilia.

Tukabadilisha swali. Badala ya kusema "nipeni akaunti," tukauliza, "Kwenye rekodi zenu, mwenye domeni ameandikwa nani, na mnahitaji nini ili mwenye jina hilo athibitishe kuwa ni yeye?" Hapo bahati ikatusimamia. Kijana, pamoja na haraka zake zote, alikuwa ameandika jina la biashara ya dada kama `Registrant`. Imeli na namba ya simu ndizo alizoweka zake. Msajili akataka nakala ya kitambulisho, cheti cha kusajili jina la biashara kile unachopata kupitia eCitizen, na barua iliyotiwa sahihi inayoeleza kilichotokea na kutaja imeli mpya. Tuliongeza ankara ya kijana iliyotaja domeni kwa jina. Jumbe za M-Pesa pia tulizituma, lakini zilikuwa na uzito mdogo, kwa sababu zilionyesha amemlipa kijana tu. Hazikusema amelipa nini.

Tulisubiri karibu wiki mbili. Wakati huo tulikuwa tunaangalia tarehe kila siku, maana domeni iliyoisha muda haikai hapo milele. Kwa .com, kwa mfano, msajili akishaiachilia inaingia kipindi cha siku 30 ambapo bado unaweza kuikomboa kwa ada ya ziada, halafu siku tano za kungoja kufutwa, kisha mtu yeyote duniani anaweza kuichukua. Vipindi hutofautiana kulingana na aina ya jina na msajili, kwa hivyo swali la pili la kumuuliza mhudumu, baada ya lile la rekodi, ni hili: "Siku ya mwisho ya kuilipia ni lini, na naweza kulipa sasa hata kabla hamjanipa akaunti?" Kwa dada jibu lilikuwa ndiyo. Akalipa mara moja. Kulipa hakukumfanya awe mmiliki, lakini kulisimamisha saa.

Na kama jina lililoandikwa lingekuwa la kijana? Sitakudanganya, mambo yangekuwa magumu. Kwanza ungemtafuta mwenyewe, kupitia ndugu, marafiki, LinkedIn, popote, kwa sababu dakika zake tano zinashinda miezi yako mitano. Akikataa kabisa, KeNIC ina utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya majina ya .ke, na kwa .com kuna ule uitwao UDRP. Lakini hizo ni njia za kudai haki juu ya jina. UDRP hasa inataka uonyeshe kuwa una alama ya biashara inayofanana na domeni hiyo, na kwamba aliye nayo hana haki nayo na aliisajili na kuitumia kwa nia mbaya. Mwoka keki anayeitwa kwa jina la kawaida, ambaye hajawahi kusajili alama yoyote, anaweza kulipa ada na bado ashindwe. Watu wengi wakifika hapo huchukua jina jipya na kuanza kuchapisha kadi upya.

Domeni ikarudi. Tovuti, la. Hostingi ilikuwa kwenye kifurushi kikubwa cha kijana, ambacho alikuwa amekigawa kwa wateja wake kadhaa. Aliposimamisha malipo, wote walizimika pamoja, na msajili wa domeni hakuwa na la kufanya kwa sababu seva ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa. Hakukuwa na nakala ya akiba. Picha za keki tulizitoa kwa Instagram yake, maneno tukayatafuta kwenye Wayback Machine, ambayo kwa bahati ilikuwa imehifadhi kurasa nne. Imeli za miaka miwili zilizokuwa kwenye seva hiyo zilikwenda. Zilizobaki ni zile tu zilizokuwa zimeshuka kwa laptopu yake.

Kama developa wako bado anashika simu

Hii ndiyo sehemu nataka uisome polepole, kwa sababu wengi wenu hamko mahali alipokuwa dada. Developa wako yuko, mnaelewana, na akaunti ziko kwake. Huu ndio wakati wa kuhamisha, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Usianze na "nipe nenosiri." Akaunti yake huenda ina domeni za watu wengine ishirini, na hawezi kukupa funguo za nyumba za wapangaji wote. Pia usianze na lawama. Mwandikie hivi: "Bosi, nataka domeni iwe kwa akaunti yangu ili nisikusumbue na malipo. Nimefungua akaunti kwa msajili huyo huyo, imeli yangu ni hii. Unaweza kunihamishia?" Wasajili wengi wana njia ya kusukuma domeni kutoka akaunti moja hadi nyingine ndani ya kampuni yao. Msajili habadiliki, tovuti haizimi, na kazi inaweza kuisha siku hiyo hiyo.

Kuhamia kwa msajili mwingine ni safari ndefu kidogo. Developa anaifungua domeni kufuli, kisha anakupa namba ya siri iitwayo `EPP Code` au `Auth Code`, na wewe unaiingiza kwa msajili mpya. Kwa .com, uhamisho unaweza kuchukua hadi siku tano, na domeni iliyosajiliwa chini ya siku 60 zilizopita kwa kawaida haihami. Kwa hivyo kama huna sababu ya kumhama msajili, baki naye.

Ukishaipokea, angalia vitu vitatu humo ndani. Jina kwenye `Registrant` liwe lako au la biashara yako, lililoandikwa kama lilivyo kwenye cheti. Namba ya simu iwe yako. Na imeli, hapa dada nusura aharibu tena. Alipopewa akaunti mpya, alianza kuandika imeli ya info iliyo kwenye domeni hiyo hiyo. Nilimshika mkono. Siku domeni itakapoisha muda, imeli hiyo nayo itakufa, na ujumbe wa kukumbusha au wa kubadilisha nenosiri utatumwa mahali ambapo huwezi kufungua. Ni kama kufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba. Tumia imeli ya Gmail au nyingine isiyotegemea domeni yako, kisha uiwekee uthibitisho wa hatua mbili. Kama namba za siri zinakuja kwa simu, ziwe zinakuja kwa simu yako. Nimeona mtu aliye na nenosiri sahihi lakini kila akitaka kuingia inabidi ampigie developa amsomee namba.

Sasa kosa la pili, ambalo tulilifanya sisi wenyewe, na lawama ni yangu. Domeni ikishakuwa yako, bado inaweza kuwa inaelekezwa na seva za developa. Zile ulizoziona kwa amri ya `dig`, au kwenye mstari wa `Name Server`. Huko ndiko kuna orodha ya maelekezo: `A` inasema tovuti iko seva gani, `MX` inasema imeli ziende wapi, na `TXT` mara nyingi hubeba mistari inayozifanya imeli zako zisionekane spamu. Kuhamisha domeni hakuhamishi orodha hiyo. Sisi tulibadilisha seva za kuelekeza kwa haraka, tukaweka `A` mpya, tovuti ikafunguka, tukapigana tano. `MX` tuliisahau. Siku nzima imeli za dada zikawa zinarudi tena, na yule karani wa ofisi ya mjini, nadhani, alianza kuamini kuna laana.

Kwa hivyo mwombe developa apige picha ya orodha nzima ya maelekezo kabla hamjagusa kitu. Iandike upya kule unakohamia, mstari kwa mstari, kisha ndipo ubadilishe seva za kuelekeza. Usizime hostingi ya zamani siku hiyo. Mabadiliko haya hayamfikii kila mtu papo hapo, na kwa saa kadhaa, wakati mwingine siku moja au mbili, wateja wengine bado watakuwa wanapelekwa kule kwa zamani. Jitumie imeli kutoka akaunti nyingine, na ujibu. Zikipita pande zote mbili, uko sawa.

Kwa hostingi, njia safi ni kukodi yako, kwa jina lako, kisha developa atoe nakala kamili ya tovuti na kuiweka huko. Kama iko kwenye cPanel, atakuwa anajua kutengeneza nakala nzima ya akaunti. Hakikisha ndani yake kuna mafaili na hifadhidata pia. Tovuti ya WordPress bila hifadhidata ni ganda tupu, maana maandishi yote ya kurasa yamo mle. Na kwenye WordPress yenyewe, angalia ukurasa wa watumiaji. Wewe uwe na akaunti yako yenye cheo cha `Administrator`, yeye awe na yake. Msishiriki moja.

Na kama wewe ndiye developa

Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu ndio mnaotengeneza hizo tovuti, na najua mnachofikiria. Mteja akiwa na funguo zote, atakulipa na nini? Umeshafanya kazi ya wiki tatu, amelipa nusu, sasa ameanza kusema "nitakutumia end month".

Shida hiyo ni ya kweli, lakini domeni si rehani nzuri. Ukimzimia mteja domeni umezima pia imeli zake, na hapo anayeonekana mbaya ni wewe hata kama yeye ndiye mdeni. Shikilia kile ulichokitengeneza. Jenga tovuti kwenye anwani yako ya majaribio, mteja aione na kuibofya akiwa hapo, na iende kwa domeni yake pesa ya mwisho ikiingia. Na ukumbuke, sheria ya hakimiliki ya Kenya inachukulia kwamba kazi uliyoagizwa kuifanya inakuwa ya aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Basi kubalianeni, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mmoja wa WhatsApp: haki ya tovuti inahama malipo yakikamilika, domeni ni ya mteja tangu siku ya kwanza.

Hiyo saa moja ya kumfungulia mteja akaunti, mtoze. Iandike kwenye kotesheni kama kazi. Keti naye, ashike simu yake mwenyewe, alipe kwa M-Pesa yake moja kwa moja kwa msajili. Kwa .co.ke huwa ni kama elfu moja hivi kwa mwaka, na risiti inakuja kwa jina lake. Baada ya hapo, huhitaji hata kuingia kwenye akaunti yake. Unachohitaji ni aingize seva za kuelekeza unazomtumia, mistari miwili ya kunakili na kubandika. Kwa kazi za kila siku, akufungulie nafasi ya kuingia kwenye hostingi au WordPress kwa jina lako, na mkimaliza aifute.

Utapoteza kidogo, sikatai. Wale wateja saba niliokuwa nao walikuwa wakinilipa kila mwaka kwa sababu tu kadi ilikuwa mkononi mwangu. Nilipowarudishia, wawili waliondoka. Lakini mwaka huo sikupigiwa simu hata moja saa kumi na moja alfajiri na mtu anayeuliza kwa nini tovuti yake imelala.

Jambo moja la mwisho, kwa wote. Ukilipia domeni kwa M-Pesa, mara nyingi hakuna kinachojilipa chenyewe mwaka ukiisha, tofauti na ukiacha kadi ya benki humo. Dada wa Roysambu sasa amelipia miaka mitatu kwa mpigo, na tarehe ya mwisho ameiweka kwenye kalenda ya simu yake mara mbili: mwezi mmoja kabla, na wiki moja kabla. Ana developa mpya, msichana wa Juja, mkali wa kazi. Siku ya kwanza walipokutana, msichana alimwambia, "Auntie, domeni nitakununulia mimi, usijali." Dada akatoa simu yake, akafungua akaunti ya msajili, akamwonyesha. "Hiyo ninayo, mami. Wewe nitumie tu zile laini mbili niweke."